Karatasi imeandika OTHER HR HPV POS, VIA iko negativu: una nini hasa?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miaka 36, watoto watatu, niko Mwanza, VVU nimepima sina. Nilifanya kipimo cha HPV cha kujichukulia mwenyewe, karatasi ikaandika HPV 16 NEG, HPV 18_45 NEG, OTHER HR HPV POS. Wakanipima na VIA wakasema negativu, nirudi baada ya mwaka. Je nina kansa? Mbona hawajanipa dawa? Mume wangu anasema nimeitoa nje, mimi nasema ni yeye. Na binti yetu wa miaka 13 baba yake alikataa asichanjwe shuleni, kasikia inafunga kizazi. Na mimi nichanjwe?

JIBU: Marahaba dada yangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi: hapana, hiyo karatasi haisemi una kansa. Kipimo ulichofanya hakitafuti kansa kabisa, kinatafuta kirusi. Na VIA ambayo ndio inaangalia mlango wa kizazi wenyewe, haikuona kitu. Kwa hiyo leo hii tunachojua ni kwamba kuna kirusi cha kundi la hatari kwenye mlango wa kizazi, na hakijaonekana kimefanya uharibifu wowote. Hayo ni mambo mawili tofauti na naona wengi wanayachanganya, mtu anatoka kliniki anaenda kuaga ndugu kumbe hana hata kidonda.

Sasa tuisome hiyo karatasi vizuri maana ina habari nyingi kuliko walivyokueleza. HPV sio kirusi kimoja, ni ukoo mkubwa, zimeshatambuliwa aina zaidi ya 200 na zinaitwa kwa namba tu kadiri zilivyogunduliwa. Nyingi zinakaa kwenye ngozi ya kawaida, zile chunjua za vidoleni kwa mfano ni HPV. Karibu 40 ndio zinapenda sehemu za siri. Na ndani ya hizo 40 kuna makundi mawili. Kundi la hatari ndogo linaongozwa na namba 6 na 11, hizi zinaleta masundosundo, yanakera, yanatia aibu, ila kansa ya kizazi hazileti. Kundi la pili ni la hatari kubwa, ni kama dazeni moja hivi na ziada, na hilo ndilo HR kwenye karatasi yako. Ukiona mtu ana masundosundo usidhani ndio yuko njiani kupata kansa, na ukimuona hana usidhani yuko salama, maana aina za hatari kubwa hazioti chochote cha kuonekana, haziwashi, haziumi.

Ndani ya kundi la hatari napo hazilingani nguvu. Namba 16 ndio mbaya kuliko zote, ikifuatiwa na 18, na hizo mbili peke yake ndio ziko nyuma ya karibu asilimia 70 ya kansa za mlango wa kizazi duniani. Ndio maana mashine imeziandika mstari wake kila moja. Utauliza 45 imeingiaje kwenye mstari wa 18, ni kwa sababu hizo mbili ni ndugu wa karibu na tabia zao zinafanana, zinapenda zile seli za tezi zilizoko ndani ya njia ya mlango wa kizazi, kule juu ambako jicho la nesi haliwezi kufika. Mwanamke mwenye 18 au 45 anaweza akapimwa VIA ikasoma negativu wakati tatizo liko ndani zaidi. Kwako hiyo mistari yote miwili iko NEG, na hiyo ni habari njema ambayo naona hakuna aliyekwambia ni njema.

Iliyobaki ni OTHER. Maana yake umekutwa na mojawapo, au zaidi ya moja, ya zile nyingine zilizobaki. Kwa jinsi majibu yako yalivyoandikwa inaelekea yametoka kwenye mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima TB hospitali nyingi za wilaya, ila wanabadilisha katriji, na katriji ya HPV inatoa majibu ndani ya saa moja. Ndani yake hizo OTHER inazisoma kwa mafungu matatu: 31, 33, 35, 52 na 58 fungu moja, 51 na 59 fungu lingine, alafu 39, 56, 66 na 68 fungu la mwisho. Fungu la kwanza ndilo lenye uzito zaidi, la mwisho ndilo jepesi. Maabara nyingi zinakuandikia tu OTHER bila kutaja fungu. Ukirudi mwakani waulize kwa upole kama wanaweza kuliona na kuliandika kwenye kadi yako, utaona huko mbele kwa nini nasema hivo.

Tuje kwenye kitu ambacho nataka ukielewe kuliko vyote, kwa sababu ukikielewa maswali yako yote yaliyobaki yanajijibu. Kupata HPV ya hatari sio ugonjwa. Karibu kila mtu aliyewahi kufanya ngono anaipata wakati fulani wa maisha yake, wengi hata zaidi ya mara moja, na kwa watu kama tisa kati ya kumi mwili wenyewe unaizima ndani ya miaka miwili hivi bila dawa na bila mtu kujua kama iliwahi kupita. Kinachotengeneza kansa ni ile inayokaa. Aina ile ile, mahali pale pale, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, mwili haujaishinda.

Na pale inapokaa ni padogo sana. Mlango wa kizazi una sehemu mbili za ngozi, ya nje ngumu kidogo inayofanana na ya ukeni, na ya ndani laini yenye tezi. Zinapokutana kuna ukanda mwembamba ambao seli zake zinabadilika badilika tangu msichana anapovunja ungo, na seli zinazobadilika ndio kirusi kinazipenda. Kinaingia kupitia vimikwaruzo vidogo mpaka tabaka la chini kabisa. Kikishakaa muda mrefu, vinasaba vyake mara nyingi vinajichomeka ndani ya vinasaba vya seli yako, na hapo kinaanza kutengeneza kwa wingi protini mbili zinaitwa E6 na E7. Seli zetu zina breki mbili kubwa za kuzuia zisizaliane ovyo, moja inaitwa p53 na nyingine Rb. E6 inaharibu p53, E7 inaikamata Rb. Seli imekosa breki zote mbili, inazaliana na makosa yake, makosa yanarundikana. Aliyeonyesha kwamba HPV iko ndani ya hizi kansa ni Mjerumani Harald zur Hausen, alikuta namba 16 mwaka 1983 na 18 mwaka uliofuata, akaja kupewa Nobeli mwaka 2008. Kabla ya hapo wengi walikuwa wanakisingizia kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri.

Kati ya kirusi kukaa na kansa yenyewe kuna kipindi kirefu cha mabadiliko ya awali. Tunayaita CIN na tunayapa namba, 1, 2 na 3. CIN1 mara nyingi ni kirusi tu kinafanya kazi yake na inarudi yenyewe. CIN3 ndio ya kuogopa, ndio mlango wa kansa. Na hapa kuna historia moja ngumu lazima niisimulie, kwa sababu ndiyo inatuambia kwa uhakika mkubwa nini kinatokea mtu akiachwa. Huko Auckland, New Zealand, kwenye hospitali moja ya wanawake, kuanzia miaka ya 1960 kulikuwa na daktari aliyeamini kwamba CIN3 haigeuki kansa, hivyo wanawake wengi hawakutibiwa ipasavyo, walikuwa wanaitwa tu, wanachukuliwa kinyama kidogo, wanaangaliwa, wanarudishwa nyumbani, na wengi wao hawakujua kwamba hawatibiwi. Baadae watafiti walifuatilia mafaili yao yote na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Wale ambao hawakutibiwa ipasavyo, karibu theluthi moja, asilimia 31, walikuwa wamepata kansa ndani ya miaka 30. Na wale ambao mabadiliko yalionekana bado yapo ndani ya miaka miwili tangu yagunduliwe walifika nusu. Wale waliotibiwa vizuri tangu mwanzo haikufika hata mmoja kati ya mia.

Hesabu hizo wale wanawake walizilipia kwa miili yao, na zinatuambia mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, hata hatua mbaya kabisa kabla ya kansa bado inakupa miaka. Pili, ile miaka haina maana kama hakuna anayekuita urudi. Tangu kirusi kiingie mpaka kansa ionekane kwa mwanamke mwenye kinga nzuri ni kama miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU, hasa asiyetumia dawa, inaweza kuwa 5 hadi 10, na hatari yake ya kupata kansa hii ni kama mara sita ya wengine. Ndio maana nimefurahi umeniambia hali yako ya VVU bila kuulizwa, maana ingebadilisha jibu langu.

Sasa kwa nini hawakukupa dawa. Kwa sababu dawa ya kuua HPV haipo. Sio vidonge, sio sindano, sio ya kuweka ukeni, na wale wanaouza maji ya mizizi na vitu vya kusafisha kizazi wanakuibia, na vile vya kuingiza ukeni vinaweza vikakuunguza au kukuletea maambukizi mengine juu ya hilo. Tunachotibu sisi ni mabadiliko ya seli, sio kirusi. Seli zikibadilika tunaziondoa au kuziunguza, zikiwa hazijabadilika hatuna cha kutibu, tunaupa mwili muda.

Tuiangalie na hiyo VIA, kwa sababu nataka ujue inaona nini na haioni nini. Nesi anaweka spekulamu, anapaka siki ya maabara ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, alafu anaangalia kwa tochi. Seli zilizobadilika zina protini nyingi, siki inazigandisha kwa muda, zinaonekana nyeupe. Sio weupe wowote lakini, anatafuta baka jeupe zito, lenye kingo zinazoonekana, linalogusa ule ukanda niliokuambia. Weupe hafifu uliotapakaa kila mahali mara nyingi ni maambukizi ya kawaida au seli zinazojitengeneza upya. Kwa hiyo VIA inategemea sana jicho na uzoefu wa aliyeshika tochi, wawili wanaweza kuangalia mlango mmoja wakatoa majibu mawili. Na ukizeeka ule ukanda unajivuta ndani, mwanamke wa miaka 50 na kuendelea VIA inakuwa haina msaada mkubwa kwake, afadhali apimwe HPV. Kwako wewe wa miaka 36 ukanda kwa kawaida bado uko nje unaonekana, kwa hiyo negativu yako ina uzito, ila waulize kama kwenye faili waliandika kwamba waliuona ukanda wote. Kama hawakuuona wote, hiyo negativu ni nusu.

Ndio sababu hatuiachi hapo, tunakuita tena. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa mwaka 2021 unasema mwenye HPV ambaye kipimo cha pili kiko sawa arudie HPV baada ya miezi 24, na kama ana VVU baada ya 12. Wewe wamekupa mwaka, sina ugomvi nao hata kidogo, kwetu ambako watu wanahama, namba za simu zinabadilika na kadi zinapotea, mwaka mmoja mtu bado anakumbuka.

Ukirudi, usikubali wakupime VIA peke yake, rudia kile kipimo cha HPV, kwa sababu swali tunalotaka kujibiwa ni kama kirusi bado kipo. Unaweza ukajichukulia mwenyewe kama mwanzo, ule usufi ukeni unatosha, hauhitaji kuona mlango wa kizazi, na kwa vipimo vya DNA majibu yake yanakaribiana sana na ya sampuli anayochukua nesi. Kikitoka NEG kote, mwili wako umeshinda, unarudi kwenye ratiba ya kawaida ya kila baada ya miaka 5. Kikitoka OTHER POS tena, hapo ndio lile fungu lina maana: kama mwaka huu lilikuwa fungu la kwanza na mwakani ni fungu la kwanza, kuna uwezekano mkubwa ni kirusi kile kile hakijatoka, na hapo wanatakiwa wakuangalie upya kwa makini, ikibidi kwa kolposkopi, kile kifaa cha kukuza, hospitali ya kanda. Kama limebadilika, basi inaelekea la zamani limeondoka na hili ni jipya. Bila kujua fungu tunakuhesabu tu kama aliyebaki nacho, na ni sawa kufanya hivo, ni upande wa usalama. Na kama safari hiyo 16 au 18_45 ndio itatokea POS, usikubali kuambiwa rudi mwakani, hiyo inahitaji hatua siku hiyo au rufaa.

Hatua yenyewe wala sio ya kutisha. Baka likiwa dogo, halijaingia ndani ya njia na halitii mashaka ya kansa, wanatumia kifaa cha joto, ncha yake inapata moto wa kama nyuzi 100, inagusishwa kwenye mlango wa kizazi sekunde 20 hadi 30 hivi, wakati mwingine mara mbili tatu ili pote pafikiwe. Utasikia tumbo linakaza kama la hedhi. Baada ya hapo majimaji yatakutoka wiki kadhaa, utavaa pedi, na tendo la ndoa unasubiri wiki nne. Mume aambiwe hilo mapema, tena na nesi mwenyewe ikiwezekana, maana hapo ndio matibabu mengi yanaharibikia. Baka likiwa kubwa au limeingia ndani wanafanya LEEP, waya wenye umeme unakata kipande chembamba kwa ganzi, na kile kipande kinaenda maabara. Alafu kwa njia yoyote ile, baada ya mwaka unapima tena HPV kuhakikisha.

Kitu kimoja tu kitakachokufanya usisubiri hiyo tarehe: ukianza kutokwa damu baada ya tendo, au damu katikati ya mwezi nje ya hedhi, au uchafu wenye harufu mbaya usiokoma hata baada ya dawa. Hapo usipime HPV, usijichukulie sampuli, nenda ukaonwe mlango wa kizazi kwa macho na wachukue kinyama. Vipimo vya uchunguzi ni vya mtu asiye na dalili. Naona kina mama wanakuja na damu miezi sita, wanapewa dawa za fangasi mara nne, hakuna hata mmoja aliyeweka spekulamu akaangalia, hilo linaniuma sana kwa sababu hapo ndipo ile miaka yote tuliyopewa inaisha.

Sasa wewe na mzee wako. Naomba nyote wawili msome hapa. Hakuna kipimo duniani kinachoweza kusema hii HPV iliingia lini wala ilitoka kwa nani. Inaweza kuingia, ikashuka chini isipimike, ikakaa kimya miaka mingi, alafu ikaonekana tena. Unaweza kuwa uliipata kabla hujaolewa, yeye anaweza kuwa alikuwa nayo kabla hajakujua wewe, na nyote mkawa waaminifu tangu siku ya ndoa. Karatasi hii haiwezi kuwa ushahidi kwenye kikao cha ukoo. Na msihangaike kumpima yeye, kipimo cha HPV kilichoidhinishwa kwa wanaume hakipo, na hata kingekuwepo dawa ya kumpa haipo. Kondomu inapunguza uwezekano wa kuambukizana lakini haizibi kote, kirusi kinapita kwa ngozi kugusana, kwa hiyo kwa mke na mume walioishi pamoja miaka yote hiyo siwezi kukwambia muanze kondomu kwa ajili ya hili tu. Ila sigara kama kuna anayevuta humo ndani, aiache, mwanamke anayevuta kirusi kinamganda zaidi.

Nije kwa binti, na hapa nitamuomba shemeji anisikilize. Kwanza chanjo yenyewe ni nini. Haina kirusi ndani, sio kizima sio kilichokufa. Ni ganda tu la nje la HPV, protini inaitwa L1, inatengenezwa kiwandani kwenye hamira au seli za wadudu kutegemea kampuni, zile protini zinajipanga zenyewe zinakuwa duara linalofanana na kirusi kwa nje ila ndani tupu, hakuna vinasaba. Mwili unaliona, unatengeneza askari wengi mno, na siku kirusi cha kweli kikija kinakamatwa kabla hakijaingia kwenye seli. Haina pa kugusia mfuko wa uzazi wala mayai. Kamati ya WHO ya usalama wa chanjo ilikaa mwaka 2017, wakati dozi zaidi ya milioni 270 zilikuwa zimeshasambazwa duniani, ikapitia hata hili la ugumba na haikukuta uhusiano. Madhara ya kweli ninayoyaona ni mkono kuuma, homa kidogo, na wasichana wa umri huo kuzimia kwa hofu ya sindano, ndio maana wanakalishwa dakika 15 kabla ya kuachiwa. Kinachofunga kizazi, shemeji, ni kansa yenyewe: matibabu yake mara nyingi ni ama kuutoa mfuko wa uzazi au kupiga mionzi ya nyonga ambayo inazima mayai. Pale Ocean Road wamejaa wanawake waliofika hapo, na Tanzania inapata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa kansa hii kila mwaka.

Kwa nini umri ule? Kwa sababu chanjo inazuia kuingia tu. Kirusi kikishaingia haikitoi. Inatakiwa imkute binti kabla hajaanza mahusiano, na pia mwili wa msichana wa miaka 9 hadi 14 unaijibu vizuri kuliko wa mkubwa. Kumchanja hakumwambii aanze chochote, kama ambavyo chanjo ya pepopunda haimwambii akajikate. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili, na kuanzia mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Najua hapa ndio maneno yaliongezeka, watu wakasema mbona wamepunguza, au zimekwisha. Hapana, na ushahidi ulitoka hapo hapo kwenu. Utafiti unaoitwa DoRIS ulifanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wakagawanywa wa dozi moja, mbili na tatu, na waliopata moja karibu wote walikuwa na kinga dhidi ya 16 na bado ilikuwepo miaka miwili baadae. Na Kenya, kwenye Thika, Nairobi na Kisumu, utafiti wa KEN SHE ulichanja wasichana wa miaka 15 hadi 20 ambao walishaanza mahusiano, dozi moja, na baada ya miezi 18 ilikuwa imezuia maambukizi mapya ya kudumu ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. WHO ikakubali dozi moja Desemba 2022. Ila hiyo ni kwa mwenye kinga nzuri, binti mwenye VVU bado anatakiwa angalau mbili, na tatu ni bora.

Na kama shemeji anauliza imewahi kuzuia kansa kweli au ni nadharia tu, wenzetu walianza mapema na sasa wanavuna. Sweden, kwa waliochanjwa kabla ya miaka 17, kansa ilipungua kwa asilimia 88. Scotland walichunguza rejesta yao na hawakukuta hata mgonjwa mmoja wa kansa inayosambaa kati ya waliochanjwa kikamilifu wakiwa na miaka 12 au 13. Rwanda ilianza 2011, ya kwanza Afrika kuifanya ya nchi nzima, nao miaka yao ya kuhesabu inakuja.

Binti wa miaka 13 bado yuko ndani ya umri, mpeleke zahanati au kituo cha afya wanakochanjia watoto, sio lazima usubiri wafike shuleni tena, na ni bure. Kabla hajafika 15. Ila usimwambie kwamba akichanjwa kashamaliza. Chanjo inalenga hasa 16 na 18, nyingine zinaongeza aina kadhaa, lakini namba 35, ambayo inaonekana zaidi kwenye kansa za wanawake wa Kiafrika kuliko za kwingineko, haimo hata kwenye ile ya aina tisa. Kwa hiyo akifika miaka 30 naye atapima HPV kama wewe, na kama atakuwa na VVU aanze 25.

Wewe mwenyewe kuchanjwa? Chanjo nyingine zimeidhinishwa hadi miaka 45, kwa hiyo sio hatari, ila haitakuondolea hiyo OTHER uliyonayo, serikali haitoi bure kwa umri wako, na faida yake kwa mtu aliye kwenye ndoa muda mrefu ni ndogo. Ukiwa na hela hiyo nakushauri iweke kwa nauli na kipimo cha mwakani.

La mwisho hukuliuliza lakini una miaka 36 na inaweza kutokea: ukishika mimba kabla ya hiyo tarehe, usiache kwenda, nenda na uwaambie una mimba. Kile kifaa cha joto hakitumiki kwa mjamzito, na mabadiliko ya awali mara nyingi yanaweza kusubiri ujifungue ndipo yatibiwe, ila waliandike kwenye kadi ya kliniki kwamba ulikuwa OTHER HR HPV POS ili ukirudi na mtoto kwa ajili ya chanjo zake za wiki ya sita wakupangie siku ya kupima.